UCHAMBUZI: Kidonge kipya cha usingizi hakifanyi kazi kama diazepamu

MFANYAKAZI wa zamu ya usiku anayeishi mtaa wa Landless, mjini Thika, hufika nyumbani jua likichomoza. Hujaribu kulala wakati ambapo watoto wanacheza uani na bodaboda zinapita mlangoni. Si ajabu basi kwamba baadhi ya walio katika hali kama hiyo huishia kutafuta diazepamu katika duka la dawa, ijapokuwa sheria inataka iuzwe kwa cheti cha daktari.

Diazepamu ilianza kuuzwa mwaka wa 1963. Ni ya jamii moja na dawa ambayo wahalifu huwatilia walevi kwenye vinywaji baani, ambayo mitaani huitwa "mchele". Jamii hiyo yote hutegemea kemikali ya ubongo iitwayo GABA, ambayo kazi yake ni kupunguza kasi ya seli za neva. Dawa hushika kipokezi cha GABA na kukifanya kiitikie kwa nguvu zaidi. Kwa kuwa vipokezi hivyo vimetapakaa karibu ubongo wote, kinachopungua si kukesha pekee bali pia kumbukumbu, usawa wa mwili, na pumzi. Pombe nayo hupitia mlango huo huo, na ndiyo sababu viwili hivyo vikichanganywa huweza kuua.

Dawa mpya zilitokana na ugunduzi wa mwaka wa 1998, ambapo makundi mawili ya wanasayansi yalitambua, kila moja kivyake, kemikali iliyoitwa oreksini. Hutengenezwa na seli chache zilizo katika sehemu ndogo ya ubongo, na kazi yake ni kuuhimiza ubongo uendelee kuwa macho. Mtu aliyepoteza seli hizo hupatwa na maradhi ya kushikwa na usingizi ghafla mchana. Dawa hizi huziba vipokezi vya oreksini ili mwito wa kukesha usisikike. Ya kwanza, suvoreksanti, iliidhinishwa Marekani mwaka wa 2014, ikifuatwa na lemboreksanti mwaka wa 2019 na daridoreksanti mwaka wa 2022.

Tofauti hiyo huonekana wazi katika hesabu ya zamu. Tuchukulie mfanyakazi anayemeza miligramu 10 za diazepamu kila siku saa mbili asubuhi. Kiasi cha dawa hiyo hupungua hadi nusu kwa muda wa saa 20 hadi 50. Tushike saa 40. Kesho yake asubuhi miligramu 6.6 zingali mwilini, naye anaongeza 10 nyingine. Baada ya kidonge cha saba anabeba karibu miligramu 28, bila kuhesabu kemikali ambayo ini huitengeneza kutokana na dawa hiyo, nayo hukaa muda mrefu zaidi. Anayesimama mbele ya mashine siku hiyo si yule wa siku ya kwanza.

Daridoreksanti hupungua hadi nusu kwa takriban saa nane. Aliyemeza miligramu 50 saa mbili asubuhi huwa na karibu 6 kesho yake saa kama hiyo, hivyo hairundikani. Lakini zamu ikianza saa kumi na mbili jioni, yaani saa kumi baadaye, bado ana takriban 21. Lemboreksanti hukaa zaidi ya maradufu ya muda huo. Kusinzia siku ya pili ndiko kulikowafanya wakaguzi wa Marekani kukataa suvoreksanti ya miligramu 40 na kuweka kikomo cha 20, hasa kwa kuhofia madereva.

Nguvu zake pia zisitiwe chumvi. Katika majaribio, waliopewa daridoreksanti ya miligramu 50 walieleza kulala takriban dakika 20 zaidi ya waliopewa kidonge kisicho na dawa. Wengine huamka wakiwa hawawezi kusogeza viungo kwa muda mfupi, hali ambayo huogofya ingawa hupita. Pombe haifai kuandamana nazo vilevile. Rifampisini, ya kifua kikuu, huzidhoofisha. Ritonaviri, inayotumiwa na baadhi ya wenye virusi vya Ukimwi, huzipandisha mno.

Hatari iliyo kubwa zaidi humkabili aliyetumia diazepamu kwa miezi mingi akaamua kuiacha leo na kumeza mpya kesho. Ubongo wake umekwisha kuzoea kusaidiwa kutulia. Msaada ukiondolewa ghafla, huja mtetemeko, jasho, kukesha kuliko kwa awali, na wakati mwingine kifafa. Dawa ya oreksini haigusi GABA, kwa hivyo haiwezi kuziba pengo hilo hata kidogo. Mgonjwa wa aina hiyo hupunguziwa diazepamu kidogo kidogo kwa majuma au miezi, daktari akimwangalia.