Kona ya Simu: Spika kutoka Rumonge isiyosema batri yake

Mwezi huu tunajibu swali la mama mmoja wa hapa kambini, ambaye kijana wake alisharudi Burundi na sasa anavua ndagala Rumonge. Kijana alinunua vitu viwili sokoni kule akampelekea mama yake kwa mtu aliyekuwa anasafiri: kisikilizio cha sikio moja kisicho na waya, na spika ndogo ya kusikilizia redio na nyimbo za kanisa. Vyote viwili vinaungana na simu kwa blutuuthi.

Mama anasema: “Kisikilizio nikiunganisha, simu inanionyesha asilimia ya batri yake. Spika haionyeshi kitu, inaimba tu mpaka inazima ghafla. Fundi ameniambia simu yangu ndiyo mbovu, lazima aiflashi. Je, nimpe pesa?”

Mama, usimpe kwanza. Kuflashi kunafuta vilivyomo ndani ya simu: namba za ndugu waliotawanyika, picha, na sauti walizokutumia. Tuangalie tatizo liko wapi kabla mtu hajagusa simu yako.

Jambo la kwanza la kuelewa ni hili. Simu haina njia ya kupima batri ya spika kutoka mbali. Spika yenyewe ndiyo inayojipima, halafu inaitumia simu namba. Simu kazi yake ni kuandika ilichoambiwa. Kama spika haikutengenezwa kusema, simu itakaa kimya hata ikiwa mpya kabisa.

Sasa kwa nini kisikilizio kinasema na spika haisemi? Blutuuthi ina njia nyingi ndani yake. Kuna njia ya muziki, na kuna njia ya kupiga na kupokea simu. Njia ya muziki ya kawaida inabeba sauti tu, haikuwekewa nafasi ya habari ya batri. Njia ya simu ndiyo inayoweza kubeba maneno mafupi kati ya kifaa na simu. Kampuni ya Apple ilitunga neno moja la kutaja batri, na watengenezaji wengine wengi wakalifuata. Kisikilizio chako kinapotaka kusema batri yake, kinatuma mstari kama huu, wewe huuoni:

```
AT+IPHONEACCEV=1,1,7
```

Namba 1 ya kwanza inasema “nina habari moja”. Namba 1 ya pili inasema “habari hiyo ni ya batri”. Namba 7 ndiyo kiwango chenyewe. Viwango vinaanzia 0 hadi 9, basi simu ya Android inaongeza moja na kuzidisha kwa kumi: 7 inakuwa 80%. Ndiyo maana utaona 80%, halafu 70%, bila kupita 76 wala 73. Na angalia jambo hili: kiwango cha chini kabisa, yaani 0, kinaandikwa 10%. Kwa hiyo kifaa cha namna hiyo kikionyesha 10%, kinaweza kuzima dakika yoyote. Usianze maongezi marefu na kijana aliye ziwani ukitegemea hiyo kumi. Kikikatika katikati ya neno, usiku mzima utakaa unadhani boti imepata shida.

Vipo vifaa vingine vinavyotumia njia tofauti ya kutaja batri, na hivyo vinaweza kusema 76% sawasawa. Vingine vinasema kwa programu ya kampuni yao peke yake. Lakini spika nyingi za bei ndogo, hasa zisizo na kipaza sauti cha kupokelea simu, zina njia ya muziki tu. Hizo hazitaonyesha asilimia kamwe. Si ugonjwa, zilizaliwa hivyo.

Namna ya kuangalia ni hii. Unganisha kifaa kwanza, kiwe kimewaka. Fungua Settings, kisha Connected devices. Simu ikiwa kwa Kifaransa, kama nyingi zinazotoka Burundi, utaona Paramètres, kisha Appareils connectés. Kwenye simu nyingine imeandikwa Bluetooth tu. Asilimia inakaa chini ya jina la kifaa kilichounganishwa. Isipokuwepo, bonyeza alama ya pembeni ya jina hilo. Utaona vitufe vya kuwasha na kuzima. Tafuta Phone calls au Calls; kwa Kifaransa neno linaanza na Appels. Kama mtu alikizima ili simu zisipokelewe kwenye spika, basi alifunga na ile njia inayobeba habari ya batri. Kiwashe, zima spika, iwashe tena, uangalie. Kama kitufe hicho hakipo kabisa, yaelekea spika yako ni ya muziki tu.

Na simu je? Simu za Android zilianza kuonyesha batri ya vifaa vya blutuuthi kwenye toleo la 8.1, lililotoka 2017. Iliyo chini ya hapo mara nyingi haionyeshi, na simu za vitufe pia usizitegemee. Lakini mama, simu yako inaonyesha batri ya kisikilizio. Hiyo inatosha kuwa ushahidi kwamba simu ni nzima. Ukitaka uhakika zaidi, unganisha spika na simu mpya ya jirani. Nayo ikikaa kimya, jibu umelipata bila kulipa hata senti.

Basi spika isiyosema utaijuaje? Kwa saa. Ichaji mpaka taa ibadilike au izime, kama ilivyo desturi ya spika hiyo. Ianzishe kwa sauti unayotumia kila siku na uandike saa. Tuseme umeanza saa 2 asubuhi ikazima saa 8 mchana. Hiyo ni saa 6. Andika 6 kwenye karatasi, ibandike chini ya spika, lakini wewe jipangie saa 5, kwa sababu sauti ikipandishwa batri inakwisha haraka. Ukiwa umesikiliza saa 3, umebaki na 2 hivi, ipeleke kwenye chaji siku ambayo una pesa ya kulipa. Baada ya miezi michache pima upya. Zile 6 zikifika 3 kwa sauti ileile, batri imechoka, na hapo ndipo fundi ana kazi ya kweli: kubadilisha batri ya spika, si kuflashi simu.

Kwa mwenye ndugu anayenunua Rumonge au Nyanza-Lac: mwambie aunganishe kifaa na simu yake palepale dukani, kabla ya kutoa pesa, aangalie kama asilimia inatokea chini ya jina. Maandishi ya kwenye boksi yasimtoshe. Dakika mbili tu, na muuzaji mwaminifu hatakataa.

Maswali mengine yaleteni kama kawaida. Mwezi ujao tutaongea juu ya kuhifadhi namba za simu mahali pawili, ili simu ikipotea ndugu wasipotee nayo.