Petroli Haipimwi kwa Mizani: Msikubali Karatasi ya “Mafuta na Grisi”

Wiki iliyopita nilioneshwa karatasi ya maabara kuhusu mfereji unaotoka kwenye gereji na kituo cha mafuta, ambako akina mama huteka maji ya kumwagilia mchicha. Karatasi inasema: mafuta na grisi, miligramu 6.3 kwa lita. Kikomo kwenye kibali ni 10. Mkutanoni wakulima wakaambiwa kwamba maji yao “hayana petroli”. Mimi nasema karatasi ile haiwezi kusema hivyo, hata kama kila tarakimu iliyomo ni sahihi.

Tufuate namba yenyewe ilivyopatikana. Maji yalichukuliwa kwenye chupa ya kioo na kutiwa tindikali mpaka pH ikashuka chini ya 2. Hapo nawapongeza, maana wengine huteka kwa chupa ya plastiki ya soda na mafuta yote yanabaki yamegandia ukutani. Chupa nzima, mililita 960, ilimiminwa kwenye faneli ya kutenganishia, ikatikiswa mara tatu na kiyeyushi kiitwacho heksani, mililita 30 kila mara. Mafuta huyaacha maji na kuhamia kwenye heksani. Kisha heksani ikakaushwa unyevu, ikatiwa kwenye chupa iliyokwisha kupimwa uzito, ikawekwa juu ya maji moto ya nyuzi 85 hadi iishe. Chupa tupu ilikuwa gramu 98.4127. Baada ya heksani kuondoka ilikuwa 98.4187. Tofauti ni miligramu 6.0, gawanya kwa lita 0.96, unapata 6.25, wakaandika 6.3.

Sasa jiulize: katika ile hatua ya maji moto, nini kiliondoka pamoja na heksani?

Heksani huchemka kwenye nyuzi 69. Yenyewe ni mojawapo ya vitu vilivyomo ndani ya petroli. Hakuna namna ya kuifukuza heksani ukawabakiza ndugu zake. Benzini, ambayo ndiyo ya kuogopwa zaidi kwa sababu husababisha saratani, huchemka kwenye nyuzi 80. Toluini huchemka kwenye 111, lakini kitu hakingoji kuchemka ndipo kiruke. Kanga kwenye kamba hukauka bila kuchemshwa. Hata dizeli hupoteza sehemu yake nyepesi hapo. Kinachobaki kupimwa ni oili ya injini, grisi, mafuta ya kupikia na sabuni zilizogeuzwa na tindikali. Basi, kama lita ile ilikuwa na miligramu 20 za petroli na 6 za oili chafu, mizani ingeonesha karibu 6 tu. Na ingekuwa mizani nzuri kabisa.

Nilipouliza, fundi wa maabara alinijibu kwa heshima: “Bwana shamba, sisi tumefuata mbinu namba 1664, na sampuli yetu ya uhakiki imefaulu.” Simpingi. Lakini mbinu hiyo, ya EPA ya Marekani, inasema yenyewe kwamba haifai kwa vitu vinavyoruka chini ya nyuzi 85 hivi, na kwamba petroli na dizeli zinaweza kupotea kwa sehemu. Na huo uhakiki hufanywa kwa heksadekeni na asidi ya steariki. Heksadekeni huchemka kwenye nyuzi 287! Ni kama kutega nyavu ya macho makubwa, ukanasa changu, halafu ukaapa kwamba dagaa hawamo baharini. Uhakiki ule ungefaulu hata kama petroli yote imekwenda hewani.

Kuna dalili moja ya kuomba uoneshwe: daftari la uzito. Chupa hurudishwa kwenye joto na kupimwa tena mpaka uzito utulie. Kama kila ikirudi inapungua, 6.0, kisha 5.1, kisha 4.4, huenda heksani haijaisha, au ni sampuli yenyewe inayoondoka. Wengine hapo huchagua namba wanayoipenda. Lakini uzito uliotulia haraka nao hauthibitishi kitu kuhusu petroli, kwa kuwa ile nyepesi sana huwa imetoroka kabla ya kipimo cha kwanza.

Kwa hiyo kwa mfereji ule nimeomba kwa maandishi kipimo kingine: benzini, toluini, ethilibenzini na zailini, kwa mashine ya kutenganisha gesi. Sampuli yake hutekwa kwenye vichupa vya kioo vya mililita 40, vikijazwa polepole mpaka ukingoni bila kubakiza hata kiputo kimoja cha hewa, vikafungwa na kuwekwa kwenye barafu papo hapo. Ukiona anakuja na ndoo, mrudishe. Mpaka majibu hayo yafike, barua ya kuruhusu mchicha umwagiliwe maji yale haitakuwa na sahihi yangu.