Fisha bodi haipimwi ukutani
Inauma kuona fisha bodi imeungwa kwa kipande kifupi pembeni mwa paa kwa sababu mbao zilinunuliwa kwa mzingo wa kuta. Chukua nyumba ya mita 12 kwa 9, paa la miteremko minne, upenu wa sentimita 60 uliopimwa kwa usawa, si kwa kufuata mteremko. Kuta zina mzingo wa mita 42, lakini kila pembe huongeza upenu mara mbili, jumla mita 4.8. Fisha bodi basi ni mita 46.8. Dari ya upenu ina mita 46.8 nje na 42 ukutani, kwa hiyo ihesabiwe kwa wastani, mita 44.4. Paa lenye miteremko miwili lina hesabu nyingine, maana mbao za ubavuni hupanda na paa.