Kikomo Chako Kimesogea?

Malahajedwali ya biashara ya fedha za kigeni ninayoonyeshwa huku Kericho huweka faida isiyochukuliwa mbele kabisa, kwa rangi ya kijani. Kwangu mimi safu muhimu ni nyingine: je, kikomo cha hasara bado kiko pale ulipokiweka?

Tuseme umenunua yuro 10,000 kwa dola 1.1000, kikomo 1.0950. Umekubali kupoteza dola 50. Bei inashuka hadi 1.0970, unaogopa, unakisogeza hadi 1.0920. Sasa hasara uliyokubali ni 80, lakini umbali wa bei hadi kikomo umeongezeka kutoka 0.0020 hadi 0.0050. Lahajedwali linakupongeza kwa kosa!

Basi andika kikomo cha kwanza (E) na usikiguse tena, cha sasa (F), na mwelekeo (C): 1 kununua, -1 kuuza.

```
=IF((E2-F2)*C2>0,"KIMESOGEA","sawa")
```

Ukikisogeza kulinda faida, hainung'uniki. Tena haitegemei bei, ambayo GOOGLEFINANCE inaweza kuichelewesha hadi dakika 20. Ila F unaiandika mwenyewe, ukiidanganya, umejidanganya.

Mnaonaje? Karibuni tujadili.