Kantini za shule Burundi: Wizara inunue maharagwe Julai, isingoje Oktoba

Mfanyabiashara yeyote wa Asiatique, hapa Bujumbura, anajua kwamba maharagwe yana majira yake. Mavuno makubwa hutoka Juni na Julai, na bei hushuka. Kuanzia Oktoba hadi Desemba, kabla ya mavuno mapya, akiba za wakulima hupungua na bei hupanda. Shule hufunguliwa Septemba. Kantini inayonunua chakula baada ya kufungua basi hununua wakati mbaya kuliko yote, na ndio wakati ambapo watoto wengi, wenyeji na wakimbizi, huondoka nyumbani bila kula.

Tuchukue shule yenye wanafunzi 600. Kila mtoto akipewa gramu 40 za maharagwe, shule hutumia kilo 24 kwa siku. Kwa siku 60 za muhula wa kwanza ni kilo 1,440, yaani karibu magunia 29 ya kilo 50. Mzigo huo unaweza kutoka kwa ushirika wa wakulima wa tarafa hiyohiyo na kukaa katika chumba kimoja cha shule.

Kikwazo kikubwa ni kalenda ya fedha. Mwaka wa bajeti ya Serikali huanza tarehe 1 Julai. Zabuni ikianza siku hiyo na kuchukua miezi mitatu, fedha zitafika Oktoba, na mkulima mwenye ada na madeni atakuwa ameshamuuzia mlanguzi. Kenya ilikutana na tatizo kama hili. Mwaka 2009 ilianzisha mpango wa kutuma fedha shuleni ili zinunue chakula karibu. Fedha zilipochelewa, majiko yalizimwa.

Kwa hiyo tunaiomba Wizara ya Elimu mambo mawili. Kwanza, mikataba na vyama vya ushirika isainiwe Mei, na malipo ya kwanza yatoke Julai, maharagwe yanapopokelewa. Pili, sehemu ya bajeti itengwe kwa ajili ya hifadhi.

Hilo la pili lisidharauliwe, kwani kununua mapema kuna hatari yake. Maharagwe yasiyokauka vizuri huota ukungu, na fukusi huyatoboa ndani ya wiki chache. Dawa yake ni kuyakausha barabara na kuyafunga katika mifuko isiyopitisha hewa, ambamo wadudu hufa. Kamati ya wazazi ifungue mfuko mmoja kila mwezi: matundu madogo ya mviringo au unga chini ya mfuko ni ishara kwamba fukusi wameingia.

Utaratibu huu hautafikisha kantini katika shule zisizo nayo, zikiwemo nyingi za mjini ambako watoto wakimbizi husoma pamoja na wenyeji. Lakini fedha zilezile zikinunua magunia mengi zaidi, Wizara itakuwa na pa kuanzia.