Mwakenya Haizeeki

Kila mwizi wa mtihani anaponaswa akiwa tayari kazini, utasikia mtu akisema: "Si ameshafanya kazi miaka kumi? Mwacheni tu." Inasikika kama huruma. Mimi naona ni dharau, na anayedharauliwa ni mgonjwa wa Garsen.

Tuchukue mfano wa kubuni. Usiku mtoto wa kilo 12 analetwa kwenye zahanati moja huko delta ya Tana, malaria kali, degedege juu. Afisa wa kliniki anafungua kichupa cha artesuneti. Mtoto wa chini ya kilo 20 hudungwa miligramu 3 kwa kila kilo ya uzito, kwa hivyo huyu anahitaji 36. Aliye na kilo 20 au zaidi hupewa 2.4 kwa kilo. Afisa akimpigia mtoto hesabu ya mtu mzima, atamdunga kama 29, yaani dozi imepungua kwa moja ya tano. Hakuna kengele itakayolia. Mtoto akifa, watasema malaria ilimzidi, na pengine kweli ilimzidi. Mama hana njia ya kujua. Mtu ambaye kazi yake ilikuwa kumuuliza afisa huyo kuhusu 3 na 2.4, kabla ya mtoto yeyote kuletwa, ni mtahini. Na siku hiyo jibu lilitoka kwenye mwakenya iliyofichwa soksini, au kiti kilikaliwa na mtu aliyelipwa.

Sasa hiyo "miaka kumi bila malalamiko" inatuambia nini? Kwamba hakuna aliyepima. Basi.

Shida ni kwamba tunaifikiria leseni kama shamba. Kwa sheria zetu, ukikalia ardhi ya mwenyewe miaka 12 waziwazi bila kufukuzwa, unaweza kuidai iwe yako. Leseni haina hiyo. Muuguzi, daktari na afisa wa kliniki huiomba upya kila mwaka, na wakili vilevile huchukua cheti kipya cha kufanya kazi. Kila inapotolewa, baraza linawaambia wananchi: huyu alifuzu. Kama hakufuzu, baraza limekuwa likisema uongo mwaka baada ya mwaka bila kujua. Likishajua, linawezaje kuurudia Januari? Kumfuta kwenye rejista kunamuumiza, sawa, lakini shabaha hasa ni kuacha kusema uongo huo.

Hata mahakama ya jinai haimpi kimbilio la muda. Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai huweka kikomo cha miezi 12 kwa makosa madogo tu, yale ambayo adhabu yake ya juu haizidi kifungo cha miezi sita au faini ya shilingi elfu moja. Kughushi cheti hakumo humo.

Kwa mawakili hasara huonekana kwenye karatasi. Mwaka 2015, katika kesi ya Anaj Warehousing, Mahakama ya Juu ilisema hati haibatiliki kwa sababu tu wakili aliyeiandika hakuwa na cheti cha mwaka huo. Ila ikatenga wasio mawakili kabisa na waliofutwa kwenye orodha: hati za hao ni batili. Fikiria mzee wa Garsen aliyeuza shamba kwa hati ya mtu wa aina hiyo. Yeye hakuiba mtihani wa mtu.

Sisemi watu wafutwe kwa uvumi. Sheria ya Haki katika Maamuzi ya Kiutawala ya 2015 inataka mtuhumiwa apewe notisi, asikilizwe, apewe sababu kwa maandishi. Na ushahidi uwe wake binafsi: saini isiyolingana, picha ya mtu mwingine, chuo kilichofuta shahada. Matokeo ya KCSE ya mwaka 2015 ya watahiniwa 5,101 yalipofutwa, wapo waliolia kwamba wanabeba dhambi za shule nzima. Baraza la taaluma likikuta jambo kama hilo, lichunguze mtu mmoja mmoja.

Kesi ngumu ni ya aliyeiba Kidato cha Nne tu, kisha akafaulu chuoni kwa jasho lake. Huyo hesabu ya artesuneti anaijua. Lakini aliingia kwa gredi isiyo yake, na kiti kile kilikuwa cha kijana mwingine, labda wa Hola, labda sasa anaendesha bodaboda. Mimi ningemfuta huyo pia, kisha nimruhusu arudi kupitia mlangoni: afanye KCSE kama mtahiniwa wa kibinafsi, apate gredi, aombe usajili upya. Aliyeiba mtihani wa taaluma yenyewe simpi njia hiyo ya mkato. Aanze darasani.