Ujuzi Unaompandisha Afisa Mikopo

Binti zetu wengi huanza kazi dirishani, wakipokea na kulipa fedha katika benki au chama cha akiba na mikopo. Ngazi inayofuata huwa ni afisa mikopo, na hapo ndipo wengi hukwama. Tutazame kinachowakwamisha kupitia mfano wa Nuu, upande wa Mwingi katika Kaunti ya Kitui, ambako mkulima hutegemea zaidi mvua za vuli.

Tuchukulie mama wa Nuu aombaye pampu, dawa na mbegu za ndengu mwezi wa Oktoba. Chama kinachojiepusha na riba hununua bidhaa hizo kwa shilingi 20,000, kikazimiliki, kisha kikamuuzia kwa 22,000 za kulipwa kidogo kidogo. Bei hiyo haipandi hata akichelewa.

Afisa wa kwanza humpangia 2,000 kila mwezi kwa miezi 11, kuanzia mwisho wa Novemba. Lakini wakati huo ndengu zingali changa shambani, na mavuno huja Januari au Februari. Deni likichelewa zaidi ya siku 30, chama hakihesabu ile 2,000 pekee. Salio lote la 22,000 huandikwa kuwa hatarini. Iwapo afisa huyo anasimamia madeni ya jumla ya 600,000, wateja wawili wa namna hiyo humfikisha zaidi ya asilimia 7, ilhali vyama vingi huiona asilimia 5 kuwa ndiyo mpaka. Meneja huitazama hesabu hiyo kabla ya kumpandisha mtu cheo.

Afisa wa pili humtembelea mama nyumbani, akaandika mwezi kwa mwezi kinachoingia na kinachotoka, karo ya watoto ikiwemo. Akiona kuwa kuku na mayai vyaweza kutoa 1,000 Novemba na 1,000 Desemba, huacha 10,000 zilipwe Februari na 10,000 Machi, ndengu zikishauzwa. Deni ni lile lile, ila sasa linafuata mvua.

Na mvua zikikosekana? Afisa huyo alikwisha kuuliza idadi ya mbuzi, wala hakuwathamini kwa bei ya mwaka wa neema. Wakati wa ukame kila mtu hupeleka mifugo sokoni, na bei huanguka. Ikiwa mbuzi waliopo hawawezi kufidia deni kwa bei hiyo ya chini, hupunguza bidhaa mapema kuliko kumtwika mama mzigo.

Basi mzazi mwenye binti dirishani na amwombe aandike mapato na matumizi ya nyumba moja anayoijua, miezi yote 12, kisha apange deni dogo juu yake. Akiweza kueleza kwa nini kila malipo yameangukia mwezi ule, ameshika kazi ya ngazi inayofuata.